Ruhusa ya Kurekodi, Ruhusa ya Kuchapisha

Mzee anapokubali kinasa sauti kiwekwe mbele yake, amekubali kuzungumza na mtu aliyeketi naye. Kuyachapisha mazungumzo hayo kunahitaji ruhusa nyingine, nayo huombwa upya. Watayarishaji wengi wa vipindi huliruka jambo hili kwa sababu rekodi tayari wanayo, na kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya haki ya rekodi ya sauti huwa ya aliyepanga na kusimamia kurekodi, ambaye mara nyingi ni kituo cha redio. Hata hivyo simulizi yenyewe ina wenyewe. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na inataka jamii iridhie kwanza, baada ya kuelezwa wazi kitakachofanywa.

Chukua mfano wa mtayarishaji wa kituo kidogo cha jamii katika kaunti ya Kilifi. Amemrekodi mzee wa Kigiriama aliyelelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa msichana wakati wa vita vya 1913 na 1914. Mzee anasimulia jinsi Mekatilili wa Menza alivyowahimiza watu wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, viapo vilivyoliwa Kaya Fungo, Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walivyohamishwa hadi Kisii na kutoroka, na serikali ilivyolipua kaya hiyo kwa baruti Agosti 1914. Rekodi ina saa moja na dakika arobaini. Ilifanywa kwa ajili ya kipindi kimoja cha redio. Sasa kituo kinataka kuiweka mtandaoni ipatikane wakati wote, na kuchapisha kijitabu cha shule.

Barua ya kuomba ruhusa huanza kwa adabu ya kawaida, halafu mara moja inataja kitu chenyewe:

"Mzee wetu mpendwa, shikamoo. Natumai u mzima wewe na wote wa hapo mjini kwako. Naandika kuhusu mazungumzo yetu ya mwezi wa Agosti, tulipoketi chini ya mwembe ukatueleza habari za Mekatilili na Kaya Fungo. Wakati ule nilikuomba sauti yako isikike redioni jioni moja. Leo nakuja na ombi jingine, kubwa kuliko lile."

Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi. Kosa linaloonekana mara nyingi katika barua za namna hii ni kusema tu "tunaomba kutumia rekodi yako". Kwa mzee, kutumia ni kusikika redioni na kwisha. Hajui kwamba sauti ikishawekwa mtandaoni, mtu wa Mombasa au Muscat anaweza kuinakili, kuikata na kuituma kwa simu hadi kwa watu ambao kituo hakitawafahamu kamwe, na kwamba kituo kikiifuta kwake, nakala hizo zitabaki. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalofichwa zaidi kwa kuhofia jibu la hapana. Barua ya haki inalitamka:

"Tukiiweka mtandaoni, mtu yeyote mwenye simu ataweza kuisikiliza na kuihifadhi. Ukibadili nia baadaye, sisi tutaiondoa kwetu, lakini hatutaweza kuiondoa kwa waliokwisha kuichukua. Kwa hiyo waweza kukubali redio ukakataa mtandao, au ukakubali kijitabu peke yake."

Kila matumizi linaombwa peke yake na kujibiwa peke yake. Anayetaka jibu moja kwa yote matatu atalipata, ila halitamsaidia siku wajukuu watakapofika kituoni kulalamika.

Kisha barua inapita ndani ya rekodi yenyewe, na hapa ndipo mtayarishaji mzuri hujulikana. Anaisikiliza yote akiwa na saa na daftari, akiandika dakika za sehemu zenye hatari. Katika mfano wetu zipo tatu. Katika dakika ya 22 mzee anadokeza mahali fingo la kaya lilipofukiwa. Hiyo ni kinga ya mji, na wazee huilinda isijulikane kwa mgeni. Katika dakika ya 47 anataja kwa majina familia zilizosimama na serikali mwaka 1914, na wajukuu wa familia hizo ni majirani zake hadi leo. Karibu na mwisho anaeleza mpaka wa shamba la ukoo, maneno ambayo mtu anaweza kuyachukua kesho kama ushahidi katika kesi ya ardhi. Mzee alipoyasema alikuwa katikati ya hadithi, na yawezekana hakumbuki kwamba aliyasema. Barua inamkumbusha moja baada ya jingine, na inasema kituo kimekwisha kuitoa habari ya fingo bila kungoja jibu, wala hakitaiandika hata katika nakala ya barua.

Ahadi ya uhariri nayo ina mahali pake. Wazee hawa husimulia wakitaja njia ya habari: bibi alituambia, watu wa mji wa pili walisema, hili nililiona mwenyewe. Mhariri mwenye haraka huona maneno hayo yanapunguza kasi, akayakata. Yakishakatwa, jambo lililosikiwa linageuka jambo lililoshuhudiwa, na mzee anaonekana mwongo mbele ya wanaoijua habari. Kwa hiyo barua inaahidi kwamba maneno ya namna hiyo hayatakatwa, na kwamba mzee atasikilizishwa toleo la mwisho kabla halijatoka.

Mzee peke yake hatoshi kuridhia. Habari za maisha yake ni zake, lakini viapo na mambo ya kaya ni ya wazee wa kambi, na mmoja hawezi kuwagawia watu kilicho cha wote. Barua hiyo moja inapelekwa kwao pia. Wana sababu ya kuuliza maswali mengi: Wagiriama wamewahi kuibiwa vigango, nguzo zinazochongwa kwa ajili ya waliofariki, na mwaka 2007 viwili vilirudishwa nyumbani kutoka makumbusho ya Marekani. Picha aliyoipiga mtafiti mwaka 1985, vigango vikiwa bado mahali pake, ndiyo iliyosaidia kuvitambua. Mtayarishaji akiulizwa kumbukumbu zake zitawafaa nini wenyewe, huo ni mfano wa kuwatajia.

Barua husomwa kwa sauti, kwa Kigiriama, mbele ya mtu wa nyumbani anayejua kusoma. Alama ya dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza haithibitishi kitu zaidi ya kwamba dole lilibonyezwa. Afadhali jibu la mzee lirekodiwe kwa lugha yake, akitaja kwa kinywa chake anachokubali na anachokataa, na jibu hilo lihifadhiwe pamoja na rekodi ya kwanza. Asijibu siku hiyo hiyo. Mtayarishaji aache barua, aondoke, arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu mbele ya mgeni aliyesafiri mbali ni vigumu kwa mwenyeji kusema hapana.

Pia aeleze malipo. Kama kijitabu kitauzwa, barua iseme fungu la mzee na la kambi ni kiasi gani, na kama hakuna malipo, iseme hakuna. Nakala ya mazungumzo yote hurudi nyumbani hapo kwenye kadi ya memori inayoingia katika redio ndogo za kijijini, maana kiungo cha mtandao hakimfai mtu asiye na simu ya mtandao.

Kifungu cha mwisho huwatia watu aibu kukiandika, ila wazee wenyewe hukipokea kwa utulivu:

"Mzee wetu, Mungu akupe umri. Lakini ikitokea siku hatuwezi kukuuliza wewe, tunaomba ututajie ni nani katika nyumba yako tumuulize, na ni mambo gani ambayo hata yeye hana ruhusa ya kuyafungua."