Panga Mapishi ya Wiki kwa Kipimo cha Makaa

Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018 na bei ya makaa kupanda, jamaa nyingi mijini zimekuwa zikipunguza maharagwe mezani. Sababu si bei ya maharagwe yenyewe, bali ni mkebe mzima wa makaa unaoteketea kabla hayajaiva. Matokeo yake ni kwamba watoto hula ugali na mboga za majani peke yake, na miili yao hukosa vyakula vya kujenga mwili.

Huna haja ya kuyaacha maharagwe. Unachohitaji ni kupanga chakula cha wiki kwa kufuata moto ulio nao. Vyakula vigumu vipikwe siku ambayo kuna mtu nyumbani, na siku za kazi zipewe vyakula vinavyoiva upesi katika sufuria moja.

Kikapu cha joto

Chombo cha kwanza ni kikapu kipana au katoni ngumu. Kitandike ndani nguo kuukuu au vipande vya blanketi, unene wa vidole vinne chini na pande zote, kisha ushone mto wa kufunika juu. Sufuria inayotokota ikiingizwa humo na kufunikwa vizuri, chakula huendelea kuiva bila makaa. Ni lazima sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Pangusa sehemu ya chini isibaki na kaa la moto, lisije likaunguza nguo.

Utajuaje kwamba kikapu chako ni kizuri? Kifungue baada ya saa nne. Mvuke unapaswa kupanda na sufuria isishikike kwa mkono mtupu. Ikiwa ni vuguvugu tu, ongeza nguo. Chakula vuguvugu ni mahali pazuri pa viini vya maradhi kuzaana, kwa hivyo usiache sufuria kikapuni kutwa au usiku kucha.

Mfano wa Jumamosi: githeri

Tuchukue jamaa ya watu watano. Ijumaa usiku loweka vikombe viwili vya maharagwe na vikombe viwili vya muthokoi. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, kisha weka maji mapya yafunike chakula na kuzidi kwa vidole viwili.

Sasa angalia jiko lako baada ya kuteremsha chai. Makaa yangali mekundu, na katika nyumba nyingi huachwa yageuke majivu. Bandika githeri papo hapo, funika, na uiache itokote kwa nguvu kwa nusu saa. Ikifika saa mbili unusu hivi, itie kikapuni nawe uendelee na kufua nguo.

Usifupishe nusu saa hiyo. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa na maji yanayotokota kabisa kwa muda usiopungua dakika kumi. Joto la chini ya hapo haliiondoi, na huenda hata likaizidisha. Mtu anayekula maharagwe yasiyochemshwa vyema huanza kutapika na kuendesha baada ya saa chache. Ndiyo sababu maharagwe hayaingii kikapuni kabla ya kutokota.

Saa sita unusu washa makaa kidogo na uchemshe tena. Minya punje ya haragwe kwa vidole viwili. Ikipondeka hadi katikati, imeiva. Ikiwa ingali na kiini kigumu, iache itokote zaidi. Maharagwe ya zamani yaliyokaa ghalani muda mrefu hukataa kulainika hata yakilowekwa, kwa hivyo muulize mchuuzi kama ni ya msimu huu.

Yakiisha kulainika ndipo utie chumvi, kitunguu, nyanya, mafuta kijiko kimoja na viazi vinne vilivyokatwa vidogo. Nyanya zikitangulia, ukali wake huchelewesha maharagwe kuiva na makaa hupotea bure. Sukuma wiki ingie dakika tano za mwisho. Usitie magadi ili kuharakisha, kwani ingawa hulainisha, huharibu vitamini B1 iliyomo.

Itakayobaki mchana, ichemshe mara tu mnapomaliza kula, uihamishie sufuria ndogo itakayojaa, uirudishe kikapuni ikitokota, kisha uichemshe tena jioni na kuila yote. Bila jokofu, usiiweke hadi Jumapili.

Siku nyingine

Jumatatu, pika wali wa ndengu. Loweka kikombe kimoja na nusu cha ndengu kabla ya kwenda kazini. Jioni zichemshe katika maji mapya hadi zilainike, kama dakika ishirini hivi, kisha tia vikombe viwili vya mchele. Maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Ukitokota dakika kumi, tia kikapuni nusu saa.

Jumanne ni mukimo wa viazi, minji na majani ya maboga, vyote vikichemshwa pamoja na kupondwa. Jumatano, viazi na karoti za mchuzi, na mayai yapasuliwe juu ya mchuzi huo unaotokota, kisha ufunike hadi kiini kigande.

Alhamisi ni zamu ya ugali. Pika omena na mboga kwanza katika sufuria moja, uzitie kikapuni zikae moto, kisha songa ugali kwa makaa yayo hayo. Ijumaa pika kamande na viazi. Kamande hazihitaji kulowekwa, na huiva kwa muda usiofika nusu saa. Jumapili ni matoke na robo kilo ya nyama ya kusaga.

Kumbuka kwamba madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na kamande huingia mwilini vyema yakiliwa pamoja na nyanya, mboga za majani au kipande cha chungwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Ingoje saa moja hivi.

Makaa yanayosalia

Chakula kinapoiva, usiache makaa yajimalize. Yakusanye kwa koleo katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, ulioliweka nje juu ya jiwe. Yakikosa hewa huzimika, na kesho utawashia chai. Usiyazime kwa maji, maana yatachukua siku kukauka. Wala usiliache jiko likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, hata likionekana limefifia. Gesi yake haina harufu. Huanza kwa kuumwa na kichwa na kizunguzungu, na aliyelala huenda asiamke.

Ili ujue kama mpango huu unakufaa, usikisie. Wiki hii hesabu mikebe ya makaa unayotumia kwa mapishi yako ya kawaida. Wiki ijayo fuata utaratibu huu na uhesabu tena. Tofauti utakayoipata ndiyo pesa za mayai ya Jumatano.