Kiungo cha PPR kinavuja Ruiru? Tazama kwanza ncha ya paipu

Ukipita mitaa ya Ruiru siku hizi, kuanzia Kimbo hadi Membley, na ukaendelea hadi Makongeni kule Thika, utakuta majumba ya kupangisha ya ghorofa nne na tano yakisimama kila uchao. Ndani ya kuta zake kuna paipu za kijani au nyeupe za PPR, zilezile ambazo sisi wa Pwani tulizikimbilia baada ya maji ya chumvi kututafunia mabomba ya chuma. Na ndani ya majumba hayo kuna malalamiko yaleyale: mpangaji amehamia, miezi mitatu haijaisha, rangi ya ukuta karibu na bafu inavimba na kubanduka. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye hulaumu duka, kwamba aliuziwa paipu feki. Paipu feki zipo, sikatai. Lakini nimeona viungo vingi vilivyokatwa kutoka kuta za namna hiyo, na mara nyingi paipu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa ncha yake, pale ilipokatwa.

Ili kulielewa hili ni lazima kwanza tujue kiungo cha PPR kinavyoshika. Hakuna gundi wala thredi. Fundi ana mashine yenye bamba la moto, takribani nyuzi 260 za Selsiasi. Upande mmoja huchomeka ncha ya paipu, upande wa pili huchomeka soketi au elbo. Ngozi ya nje ya paipu huyeyuka, ngozi ya ndani ya soketi huyeyuka, kisha fundi huvichomoa vyote viwili na kuvisukuma pamoja kwa mkono ulionyooka. Vikipoa vinakuwa kitu kimoja. Kwa paipu ya milimita 25, ile ambayo mafundi huiita robo tatu, kuchoma huchukua kama sekunde 7, kuunganisha kusizidi sekunde 4, halafu kiungo kiachwe dakika 2 bila kuguswa. Paipu huingia ndani ya soketi takribani milimita 15.

Hizo milimita 15 ndizo ngome yote. Maji yakitaka kutoka ni lazima yasafiri kutoka ncha ya paipu, yapite kati ya paipu na soketi, hadi mdomoni mwa soketi. Ncha ikiwa imekatwa sawasawa, safari hiyo ina urefu uleule pande zote. Ikiwa imekatwa mshazari, kuna upande mmoja ambao njia ni fupi, na maji hayana haja ya kutafuta pengine.

Tuchukue mfano. Fundi ana paipu ya milimita 25 na msumeno wa chuma. Anaishika paipu kwa goti, anakata kwa macho tu, na msumeno unapofika chini umekimbia milimita 3. Kwa macho huoni kitu. Mshazari wa milimita 3 kwenye paipu nyembamba hauonekani mpaka uweke skwea. Sasa anapima milimita 15 kutoka upande mrefu, anatia alama, anachoma. Upande mrefu umeingia milimita 15, upande mfupi 12. Amepoteza sehemu moja kwa tano ya ngome yake upande huo. Kusema kweli, hizo 12 zingeshika kama zingeyeyuka vizuri na kukaa wima. Tatizo ni kinachofuata. Upande mrefu umegonga mwisho wa soketi, upande mfupi haujafika. Fundi anahisi kitu hakijakaa, anasukuma zaidi, na paipu, kwa kuwa inasimama kwenye ncha moja tu, inainama. Anairudisha kwa kuipinda. Kule kuinama na kupinda hukwangua plastiki laini upande mmoja na kuifungulia nafasi upande mwingine, na huo mwingine unaweza kuwa ule uliokuwa mfupi tangu mwanzo.

Akipimia upande mfupi badala ya mrefu, hali inageuka. Upande mrefu unalazimishwa kuingia milimita 18 mahali ambapo hapana nafasi hiyo. Plastiki ya ziada hujikunja kuelekea ndani na kufanya mdomo kama wa kikombe kilichominywa. Kiungo hakivuji, ila bafu la juu linatoa maji kama uzi, na mpangaji anaambiwa tangi liko chini sana.

Halafu kuna nyuzi. Msumeno haukati PPR, unaichana, na kila jino huacha unywele wa plastiki ukining'inia nje na ndani, pamoja na unga. Fundi asipousafisha, unywele wa nje huingia kwenye mashine na kuungua kabla ya paipu kuyeyuka, kwa sababu ni mwembamba. Kisha hulala kati ya paipu na soketi kama uzi uliosahauliwa kwenye mshono wa kanzu. Pale ulipolala, plastiki mbili hazikugusana. Ule wa ndani hauvujishi leo, lakini ukikatika husafiri na maji hadi kwenye koki au kichwa cha shawa, na watu hubadilisha koki bure.

Mkasi wa PPR huondoa sehemu kubwa ya shida hizi. Una wembe mmoja na kitanda cha mviringo. Unaiweka paipu, unabana hatua kwa hatua, wembe unapita bila kuacha unga. Lakini usidhani mkasi ni hirizi. Wembe ukiwa butu hauikati paipu bali huiminya kwanza, na ncha inatoka na umbo la yai. Paipu yenye umbo hilo huingia kwenye mashine kwa kubana pande mbili na kulegea pande mbili, na pale inapolegea haiyeyuki vya kutosha. Dalili yake ni rahisi kuona: tazama ncha kutoka mbele, na kama duara limelala, badilisha wembe. Pia usikate kwa mbano mmoja wa nguvu. Wembe ukiuma, izungushe paipu kidogo huku ukibana, ufuate mstari wake mwenyewe. Na siku za asubuhi ya baridi, ambazo Thika inazo kuliko Mombasa, PPR huwa kavu. Ukiibana ghafla inaweza kupasuka ufa mdogo unaoenda na urefu wa paipu. Ufa huo ukiingia ndani ya soketi hutauona tena. Ukiuona mapema, kata tena mbele yake.

Asiye na mkasi asikate tamaa, msumeno unaweza kufanya kazi safi. Chukua kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka, kizungushe paipu hadi ukingo ukutane na wenyewe, na uchore kwa penseli. Huo mstari uko sawa kuliko jicho la yeyote. Kata kijia chembamba kuzunguka mstari wote, ukigeuza paipu kidogo kidogo, ndipo umalize. Msumeno hufuata kijia ulichouchimbia na hauna pa kukimbilia. Kisha pitisha kisu ndani na nje, lainisha ukingo wa nje kidogo, futa unga kwa kitambaa kikavu. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Kwenye jumba lenye viungo mia nne ni muda mrefu, najua, na ndiyo maana mkasi hulipa gharama yake mapema.

Chuma bado kipo, hasa kwenye kipande kifupi kutoka mita ya maji, yawe ya Ruiru-Juja au ya THIWASCO kule Thika. Hapa mambo yanageuka kidogo. Kikata-paipu cha chuma ni kile chenye kigurudumu chenye makali, kinachozungushwa kuzunguka paipu na kukazwa robo mzunguko kila kinapomaliza duara. Hukata sawa kuliko msumeno wowote. Lakini kwa kuwa hukata kwa kubonyeza, chuma kilichosukumwa hujikusanya ndani kama ukingo mkali, na nje huinuka kidogo. Paipu ya nusu inchi ina tundu la karibu milimita 16. Ukingo wa milimita moja na nusu kuzunguka ndani unalibakisha 13, na hapo theluthi moja ya njia ya maji imekwenda. Uchafu na kutu hupata pa kushika. Ukingo huo huondolewa kwa rima, au kwa tupa ya mviringo ukikosa rima. Ule wa nje nao uondolewe kabla ya kupiga thredi, la sivyo dai haitaanza wima.

Na hapo ndipo mkato wa mshazari unapovujisha paipu ya chuma. Dai huanza kuuma upande uliojitokeza, inainama, na thredi zote hufuata mwinamo huo: upande mmoja zimechimbwa hadi ukuta wa paipu umekuwa mwembamba, upande wa pili ni mikwaruzo tu. Fundi hujaza katani na thredi tepu, kiungo kinanyamaza. Katani ikishakaa, maji yanarudi.

Kwa nini basi mvujo haukuonekana siku ya kwanza? Kwa sababu wengi hujaribu kwa kufungua tangi na kutazama. Mita 10 za kwenda juu ni takribani bar 1 tu, kwa hiyo tangi la ghorofa tano halifiki bar 2 hata kwenye koki ya chini kabisa. Kiungo kibovu kinaweza kuvumilia hayo kwa wiki nyingi, mpaka pampu iwashwe na kuzimwa mara mia, au maji ya zamu yaje kwa kishindo usiku. Jaribio la haki hufanywa kabla ya kupiga plasta, kwa pampu ya mkono yenye geji, kwa mgandamizo wa mara moja na nusu ya ule utakaotumika. PPR hutanuka kidogo mwanzoni, hivyo sindano itashuka. Ongeza, subiri, ongeza tena, ndipo uanze kuhesabu muda.

Na kwa mwenye nyumba anayebishana na fundi kuhusu paipu feki, njia ya kujua ipo. Kata kiungo kinachovuja chote, kipasue kwa urefu wake katikati, ukitazame kwa mwanga. Kiungo kizuri hakina mpaka kati ya paipu na soketi, na ncha ya ndani imekaa sambamba. Ukiona mstari mweusi wa unywele ulioungua, au ncha imefika upande mmoja na kuacha pengo upande wa pili, duka halina kesi. Lakini ukikuta ncha imekaa sawa, mshono umeshikana, na ukuta wa paipu wenyewe una vitobo au unene usiolingana, basi fundi wako alisema kweli.