VPN ikikataa kuunganika: paswadi ni mbaya, au mlango umefungwa?

Vikundi kadhaa vya akiba na mikopo siku hizi vinaweka vitabu vyao katika kompyuta ya ofisi ya muungano mjini. Katibu akiwa kijijini anavifikia kupitia VPN, yaani njia iliyofungwa kwa siri ndani ya mtandao wa kawaida, ili wengine wasione hesabu za wanachama. Wengi wametumia programu ya OpenVPN, na hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Shida tunayoulizwa sana ni hii: jana VPN iliunganika, leo inazunguka tu, mwishowe inakataa. Mara moja watu husema, "Katibu amesahau paswadi." Mara nyingi paswadi haina makosa hata kidogo.

Soma maneno yaliyo kwenye skrini

Programu ikishindwa huacha maandishi ya kueleza sababu. Kwenye Windows, bonyeza alama ya OpenVPN pale chini karibu na saa kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uchague "View Log". Tafuta mojawapo ya mistari hii miwili:

```
AUTH: Received control message: AUTH_FAILED
```

```
TLS Error: TLS key negotiation failed to occur within 60 seconds
```

Mstari wa kwanza unasema kwamba ulifika ofisini, ukajulikana, lakini jina au paswadi ikakataliwa. Hapo ndipo pa kuangalia paswadi.

Mstari wa pili una maana nyingine kabisa. Kompyuta yako ilibisha hodi, ikangoja sekunde 60, na mazungumzo ya kujulishana hayakukamilika. Mara nyingi hakuna jibu lolote lililorudi. Paswadi haijafika hata kuulizwa, kwa hiyo ukiibadilisha mara kumi hutasaidika.

Milango ya mtandao

Kwa nini jibu halirudi? Kila kompyuta inayohudumia wengine ina milango mingi, na kila mlango una nambari yake. Kurasa za mtandao zilizo salama hupitia mlango 443. OpenVPN, isipoelekezwa vingine, hutumia mlango 1194, tena kwa njia inayoitwa UDP. UDP ni kama kutuma barua bila kudai sahihi ya mpokeaji. Barua ikitupwa njiani, mtumaji haambiwi. Anangoja tu.

Wenye waifai za vyuo, hoteli na maktaba mara nyingi huruhusu milango michache tu, ile ya kurasa za mtandao, na kufunga mingine yote. Ndiyo maana magazeti yanafunguka na VPN inakwama kwenye mtandao uleule.

Yaliyompata katibu mmoja

Katibu wa kikundi kimoja alikuwa akitumia mtandao wa simu yake bila shida. Ili kuokoa pesa za bando, akaanza kwenda jioni kwenye waifai ya chuo cha ufundi kilicho karibu. Jioni tatu mfululizo VPN ilikataa. Akaomba paswadi mpya mara mbili. Wakati huo wanachama wawili walikuwa wanangoja mikopo ya mbegu, na mweka hazina hakuweza kuona nani amelipa na nani bado. Watu wakaanza kunong'ona kwamba vitabu vinafichwa.

Tulipotazama pamoja naye, skrini ilikuwa na ule mstari wa sekunde 60. Tukamwomba aiache waifai ya chuo na kuunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu, bila kugusa kitu kingine. Haikufika nusu dakika, tukaona:

```
Initialization Sequence Completed
```

Maana yake VPN imeshika. Kumbe paswadi ilikuwa sawa na seva ya ofisi ilikuwa hai. Kizuizi kilikuwa mtandao wa chuo.

Fanyeni hivi, kwa utaratibu

1. Kwanza fungua ukurasa wowote wa mtandao. Waifai nyingine hutaka ukubali masharti au uandike nambari ya siri kwenye ukurasa wao kabla ya kukuruhusu. Usipofanya hivyo, VPN haitapita.

2. Angalia tarehe na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na cheti cha seva huonekana kama bado hakijaanza kazi. Hapo utaona maneno `VERIFY ERROR` na `certificate is not yet valid`. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

3. Jaribu mtandao mwingine, kama vile hotspoti ya simu. Ikiunganika huko, mtandao wa kwanza ndio unaofunga mlango.

4. Ikikataa kila mahali, uliza mwenzako wa kikundi kingine kama yeye anaingia. Ikiwa naye hapati, shida iko ofisini: seva imezimika, au anwani yake imebadilika. Ikiwa yeye anaingia na wewe huingii popote, omba ofisi ikupe faili mpya ya VPN. Seva nyingi zimewekwa zisimjibu kabisa mtu mwenye ufunguo usiolingana, nawe utaona zile zile sekunde 60.

Dawa ya mlango uliofungwa

Dawa haiko mikononi mwa katibu peke yake. Anayetunza seva lazima afungue mlango wa pili: 443 kwa njia ya TCP, ile inayodai jibu kwa kila barua. Ni lazima pia aufungue kwenye ruta ya ofisi. Baada ya hapo, faili ya katibu yenye mwisho `.ovpn` iwe na mistari hii, na anwani ya ofisi yenu mahali pa hii ya mfano:

```
remote 203.0.113.10 1194 udp
remote 203.0.113.10 443 tcp
server-poll-timeout 10
```

Programu itajaribu mlango wa kwanza. Isipopata jibu kwa sekunde 10 itahamia wa pili. Tusiufute ule wa kwanza, kwa sababu TCP huwa nzito zaidi, hasa mahali ambapo mtandao unakatika-katika.

Kabla ya kulaumu faili, pimeni kama mlango 443 unafikika. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

```
Test-NetConnection 203.0.113.10 -Port 443
```

Ikijibu `TcpTestSucceeded : True`, mlango uko wazi. Kipimo hiki ni cha TCP tu. Hakiwezi kupima 1194 ya UDP.

Kuna mitandao ambayo haiangalii nambari ya mlango peke yake. Hutazama pia namna mazungumzo yalivyo, ikatambua kwamba ni VPN na kuikata hata kwenye 443. Hapo msihangaike usiku kucha. Nendeni kwa mwenye mtandao, mumweleze kazi yenu, mwombe ruhusa. Akikataa, huo ni mtandao wake; tumieni hotspoti.

Mkiandikia ofisi kuomba msaada, msiandike tu "VPN haifanyi kazi". Andikeni saa mliyojaribu, mtandao mliotumia, kama hotspoti ilikubali, na mstari wa kosa vile ulivyo kwenye skrini. Kwa hayo manne, fundi atajua aanzie kwenye seva, kwenye ruta au kwenye faili yenu.