Mchoro mmoja wa tangi, hesabu tatu

Fundi amechora kwenye karatasi tangi la kuvunia maji ya mvua. Mwenye nyumba ameupiga mchoro picha kwa simu na kumtumia ndugu yake aliye mjini, kwa kuwa ndiye atakayetoa hela ya vifaa. Ndugu anataka kujua mambo matatu kabla hajafungua mkoba: tangi litabeba lita ngapi, lipu ya ndani itakula eneo gani, na rangi ya nje ipakwe mita ngapi za mraba. Kanuni za hesabu hii zimo kwenye vitabu vya sekondari, wala si ngumu. Kazi iko kabla ya kanuni: kujua kila namba iliyo kwenye picha inapima kitu gani, na kwa kipimo gani.

Tuutazame mchoro wenyewe. Tangi lina umbo la mcheduara, yaani umbo la pipa, na paa lake ni la umbo la pia, limechongoka katikati. Kando ya pipa kuna kiduara kilichokatwa na mkwaju, kisha 2400. Alama hiyo ni ya kipenyo, na mishale yake inagusa ukuta kwa nje. Ukuta una kimo cha 2000 kutoka sakafuni na unene wa 100, lipu ikiwa imo ndani ya unene huo. Bomba la kumwaga maji yanayozidi liko 150 chini ya ukingo wa juu wa ukuta, na la kuchotea liko 100 juu ya sakafu. Lipu imeandikwa 20. Juu ya paa, kwa mwandiko tofauti, mtu ameongeza 50.

Usipime picha kwa rula

Kosa la kwanza hutokea pale mtu anapoona maandishi "skeli 1:20" pembeni akachukua rula. Kwenye karatasi ya fundi, milimita 2400 zilichorwa kwa milimita 120, na hapo skeli ilisema kweli. Lakini kwenye kioo cha simu mstari ule ule unaweza kuwa na milimita 60. Ukizidisha kwa 20 unapata 1200, nusu ya kipenyo halisi, na tangi lenye nusu ya kipenyo hubeba robo tu ya maji. Simu ikishikwa kwa kuinama mambo huharibika zaidi: upande ulio mbali na lensi hufinyika, na duara lililochorwa vizuri huonekana kama yai. Kwa hiyo namba zilizoandikwa ndizo za kufuatwa. Urefu wa mistari kwenye picha tuuache.

Kosa la pili hutokana na sehemu ya karatasi iliyokatwa na picha. Michoro ya ujenzi huwa na kisanduku chini kinachotaja vipimo vyote ni vya milimita, na picha nyingi hukiacha nje. Ukikikosa, uliza, na wakati unasubiri jibu, pima kwa akili. Tangi la nyumbani lenye kipenyo cha 2400 haliwezi kuwa la sentimita, kwa sababu lingekuwa na upana wa mita 24. Basi ni milimita. Ukuta wa 100 kwa milimita ni sentimita kumi, jambo linaloingia akilini. Ila ile 50 ya paa haikubali. Paa lililoinuka milimita 50 juu ya tangi la mita 2.4 lingekuwa karibu bapa, na mchoro unaonyesha paa lililochongoka. Aliyeiandika alifikiri kwa sentimita. Hapo si pa kukisia: piga simu kwa fundi. Katika mfano wetu tuseme fundi amethibitisha kuwa ni sentimita 50.

Sasa, kabla ya kuzidisha lolote, namba zote zihamie kwenye mita. Kipenyo cha nje kinakuwa 2.4, ukuta 2.0, unene 0.1, bomba la ziada 0.15, bomba la kuchotea 0.1, lipu 0.02 na kimo cha paa 0.5. Tangu hapa hatutumii milimita wala sentimita tena.

Maji: kipenyo cha ndani, kimo cha bomba

Ujazo wa mcheduara ni eneo la kitako mara kimo, na eneo la kitako ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. Swali ni nusukipenyo kipi. Maji hayakai ndani ya ukuta, kwa hiyo tunautoa unene wake. Tunautoa mara mbili, maana mstari wa kipenyo unakatiza ukuta upande huu na upande ule: 2.4 toa 0.2 ni 2.2. Nusu yake ni 1.1.

Kimo nacho si mita 2. Maji yakifika kwenye bomba la ziada yanatoka, kwa hiyo kimo chao ni 2.0 toa 0.15, yaani 1.85.

3.14 × 1.1 × 1.1 × 1.85 = 7.03

Jibu ni mita za ujazo 7.03. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, hivyo tangi linabeba takriban lita 7,030. Kati ya hizo, zilizo chini ya bomba la kuchotea hazitoki bombani: 3.14 × 1.1 × 1.1 × 0.1 ni 0.38, yaani lita 380. Maji yatakayofika kwenye ndoo ni kama lita 6,650.

Angalia hesabu ya haraka ingesema nini. Ukichukua kipenyo cha nje na kimo chote cha ukuta unapata mita za ujazo 9.04, zaidi ya lita 2,000 ambazo hazipo. Ukitoa unene wa ukuta mara moja tu unapata 7.68, na kosa hili ni baya zaidi kwa kuwa jibu lake halishtui. Wengine hujumlisha na nafasi iliyo chini ya paa. Ujazo wa pia ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo kile kile, na kwa paa hili ungekuwa karibu mita za ujazo 0.75. Lakini nafasi hiyo iko juu ya bomba la ziada, kwa hiyo inabeba hewa.

Aliyefanya hesabu kwa milimita tangu mwanzo hajakosea, mradi ajue anamalizia wapi. 3.14 × 1100 × 1100 × 1850 ni kama 7,029,000,000, nazo ni milimita za ujazo. Kwa mazoea mtu hugawa kwa 1,000, kwa sababu mita moja ina milimita 1,000, halafu anatangaza lita milioni saba. Lita moja ina milimita za ujazo 1,000,000, kwa kuwa ni 100 mara 100 mara 100. Kipimo cha urefu kikibadilishwa mara moja, cha eneo hubadilishwa mara mbili na cha ujazo mara tatu.

Kuna njia rahisi ya kukagua. Fikiria boksi ambalo maji ya tangi yangeingia kwa kugusa kuta zote: 2.2 × 2.2 × 1.85 ni 8.95. Mcheduara siku zote huchukua asilimia 78.5 ya boksi lake, na hapo tunarudi kwenye 7.03. Jibu lililozidi boksi lina kosa. Jibu lililo mara nne ya 7.03 linatoka kwa aliyechukua kipenyo mahali pa nusukipenyo.

Lipu na rangi: nyuso gani hasa?

Kitabu cha shule kinatoa kanuni ya eneo lote la mcheduara: ukuta, kitako na kifuniko. Fundi wa lipu hapigi kifuniko, na wa rangi hafiki chini ya sakafu. Kwa hiyo usitumie kanuni nzima. Chagua nyuso zinazohusika, kisha ujumlishe.

Ukuta wa mcheduara ukikatwa wima na kukunjuliwa unakuwa mstatili. Upana wake ni mzingo, yaani pai mara kipenyo, na urefu wake ni kimo. Kwa ndani: 3.14 × 2.2 × 2.0 ni mita za mraba 13.8. Hapa tumerudi kwenye mita 2 kamili, kwa sababu lipu hupanda hadi ukingoni hata maji yakiishia chini yake. Sakafu ni 3.8. Jumla ya lipu ni mita za mraba 17.6. Kwa unene wa 0.02 unahitaji mita za ujazo 0.352 za mchanganyiko, yaani lita 352, kabla ya kuongeza za kumwagika na kupotea.

Kwa nje kipenyo ni 2.4. Ukuta: 3.14 × 2.4 × 2.0 ni 15.1. Paa linadai hatua moja zaidi. Eneo la mgongo wa pia ni pai mara nusukipenyo mara urefu wa mteremko, na mteremko haukuandikwa kwenye mchoro. Mchoro umetoa kimo cha wima, 0.5. Mteremko unapatikana kwa kanuni ya Pithagoras: 1.2 × 1.2 ni 1.44, na 0.5 × 0.5 ni 0.25, jumla ni 1.69, na kipeo chake cha pili ni 1.3. Basi 3.14 × 1.2 × 1.3 ni 4.9. Rangi ya nje inapakwa mita za mraba 20.

Hapa ndipo ile 50 ingetuponza. Aliyeiingiza vile ilivyo pamoja na 1.2 angepata mteremko wa 50 na paa la mita za mraba 188. Huyo angejigundua. Aliyetumia kimo cha wima mahali pa mteremko angepata 1.9, namba ambayo haimshtui mtu. Mkague hivi: duara lililo chini ya paa ni 3.14 × 1.2 × 1.2, yaani 4.5. Mgongo wa pia hauwezi kuwa mdogo kuliko duara unalolifunika.

Namba zifike hadi kwenye desimali gani?

Kikokotoo kitakupa lita 7,028.89. Usiziandike hivyo. Tofauti ya kutumia 3.14 badala ya pai kamili, kwa tangi hili, haifiki lita nne. Lakini nusukipenyo kikizidi sentimita moja tu, kutoka 1.10 hadi 1.11, lita zinaongezeka karibu 130, kwa sababu kinazidishwa mara mbili. Kama kuna namba ya kuombea picha nyingine iliyo wazi zaidi, ni ile ya kipenyo.

Tangi likishajengwa, kipenyo hicho kinakaguliwa bila kuingia ndani. Zungusha futi kamba nje ya ukuta. Mchoro unadai mzingo wa 3.14 × 2.4, yaani mita 7.54. Tuseme futi imesoma 7.20. Gawa kwa 3.14: kipenyo cha nje ni 2.29, cha ndani 2.09, na maji ni mita za ujazo 6.36. Sentimita 34 zilizopungua kwenye mzingo zimeondoka na lita 670, na hilo ni la kuzungumza na fundi kabla ya malipo ya mwisho.