Bei mpya kuanzia mwezi ujao, na oda ya zamani je?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kwa Tanzania Bara, na kuanzia siku hiyo vituo huuza kwa bei mpya. Mwenye gari hununung'unika, lakini hakuna aliyedhulumiwa. Aliyejaza tangi jana alilipa ya jana na akaondoka na mafuta yake, na anayejaza leo analipa ya leo. Biashara yao iliishia pale pale kwenye pampu.

Kwa fundi samani wa Keko jijini Dar es Salaam mambo hayaendi hivyo. Mteja huagiza kitanda leo, huacha nusu ya fedha, kisha hurudi baada ya wiki tatu au zaidi kuchukua kazi na kumalizia malipo. Katikati ya siku hizo bei ya mbao inaweza kupanda. Hapo fundi hana kundi moja la wateja, ana makundi matatu: walioweka advansi, waliopewa profoma lakini hawajalipa kitu, na wapya ambao hawajafika. Tangazo linalosema tu kwamba bei zimepanda haliwatoshi watu hawa, kwa sababu kila mmoja anauliza swali lake: mimi nitalipa ngapi?

Anza na hesabu ya kitanda kimoja

Tuchukue mfano wa kitanda cha mninga kinachouzwa shilingi 650,000. Mbao zinachukua 260,000. Vanishi, gundi, msasa na misumari 60,000. Ujira wa mafundi 150,000. Pango, umeme na usafiri 80,000. Jumla ni 550,000, na fundi anabaki na 100,000.

Sasa mbao zimepanda kwa asilimia 20. Wengi hapa hukimbilia kupandisha bei ya kitanda kwa asilimia hiyo hiyo 20, nacho kinafika 780,000. Hilo ni kosa, na mteja anayejua kuhesabu ataliona. Kilichopanda ni mbao peke yake: kutoka 260,000 hadi 312,000, yaani ongezeko la 52,000. Msasa haukupanda, pango halikupanda. Bei mpya ya 700,000 inatosha, na hiyo ni nyongeza ya chini kidogo ya asilimia 8. Fundi anabaki na 98,000, karibu sawa na mwanzo.

Hesabu hii ndiyo inayozaa sababu ya kuandika kwenye taarifa. Maneno kama "kutokana na kupanda kwa gharama za maisha" hayamwambii mteja lolote, maana gharama hizo zimempanda yeye pia. Sababu inayoeleweka hutaja kitu kilichopanda, kiasi kilichopanda, na jinsi kinavyoingia kwenye kile anachonunua: mbao za mninga zimepanda kutoka 260,000 hadi 312,000 kwa kitanda kimoja. Mteja hata akikasirika, amepata kitu cha kupima.

Sababu pia huonyesha kama ongezeko ni la msimu au la kudumu. Wakati wa masika barabara nyingi za misituni hazipitiki, mbao huchelewa kufika mjini na bei hupanda. Sababu ya namna hiyo ina mwisho, hivyo taarifa iseme lini bei itaangaliwa upya. Kodi ni jambo lingine. Bajeti ya Serikali husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kilichosomwa bungeni bado ni pendekezo, kinaweza kubadilishwa kabla ya kupitishwa. Anayetaja kodi kuwa sababu asubiri ipite kwanza.

Advansi ilikwenda wapi?

Aliyeagiza kitanda cha 650,000 aliacha 325,000. Mbao zake ni 260,000. Kwa maana hiyo fedha yake ilitosha kununua mbao zote siku ile ile, kwa bei ya siku ile, na ikabaki. Kumwambia leo aongeze 50,000 kwa sababu mbao zimepanda ni kumtoza ongezeko ambalo fedha yake ilikwisha kulikwepa. Kama fundi alitumia advansi ile kulipia pango au kumalizia oda ya mtu mwingine, hilo ni la fundi, wala halimhusu mteja.

Sheria nayo inaelekea huko huko. Mkataba ukishakubaliwa, bei yake haibadilishwi na upande mmoja peke yake; lazima wote wawili waridhie. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa hata makadirio: mtoa huduma aliyeweka makadirio ndani ya makubaliano hatakiwi kumtoza mteja zaidi ya asilimia 10 juu yake. Kwa hiyo muda wa ahueni kwa oda za zamani usionekane kuwa zawadi kwa walioweka advansi. Wao wanatimiziwa tu makubaliano yao. Ahueni yenyewe hasa ni ya waliopewa profoma, ambao walipanga fedha zao wakitazama bei ile lakini hawajafunga makubaliano.

Kabla ya kuahidi, fundi ahesabu ahadi hiyo itamgharimu kiasi gani. Tuseme ana oda tisa zenye advansi na profoma nne zilizo mikononi mwa watu. Katika zile tisa, sita mbao zake zimeshanunuliwa na zimepangwa karakanani; hizo hazimgharimu kitu. Tatu zilizobaki zitanunuliwa kwa bei mpya, kwa hiyo atabeba 52,000 mara tatu, sawa na 156,000. Wenye profoma wote wanne wakija, atabeba 208,000 nyingine. Jumla ni 364,000. Faida yake kwenye vitanda hivyo saba itashuka kutoka 100,000 hadi 48,000 kila kimoja, lakini haingii hasara. Anaweza kuahidi akijua anachokiahidi. Kama hesabu ingeonyesha hasara, angefupisha muda wa wenye profoma, lakini asingewagusa wenye advansi.

Kuiandika taarifa

Taarifa itolewe wiki nne kabla, ili iwapitie watu wakiwa na mshahara au mauzo ya angalau mwezi mmoja. Ikikaa hivi inatosha:

*Ndugu mteja, kuanzia 1 Julai bei ya kitanda cha mninga, futi 5 kwa 6, itakuwa Sh 700,000 badala ya Sh 650,000. Mbao za kitanda kimoja zimepanda kutoka 260,000 hadi 312,000. Bei za meza na makabati hazibadiliki.*

*Kama umeshaweka advansi, bei yako ni ile ile ya 650,000, mradi umalizie malipo na kuchukua kitanda ifikapo 31 Agosti. Kama una profoma yetu, au unataka kuagiza sasa, utapata bei ya 650,000 ukilipa nusu kabla ya Juni kuisha. Oda zitakazolipiwa kuanzia 1 Julai zitakuwa kwa bei mpya. Tutaangalia bei hii tena mwishoni mwa Septemba. Karibu karakanani au utupigie simu.*

Kila tarehe imetajwa kwa jina la mwezi. "Mwezi ujao" ni maneno ya hatari, kwa sababu ujumbe ulioandikwa Juni ukisambazwa na mtu mwingine Julai, msomaji atadhani ni Agosti. Bei ya zamani na mpya zimekaa pamoja, na visivyobadilika vimetajwa, maana mteja akisikia bei ya kitanda imepanda hudhani na kabati limepanda. Sharti la kuchukua kazi ifikapo 31 Agosti linamlinda fundi dhidi ya mtu aliyeweka advansi kisha akapotea mwaka mzima. Lakini likiwekwa, fundi naye lazima awe amemaliza kitanda mapema kabla ya siku hiyo. Haiwezekani kumpokonya mtu bei kwa kuchelewa kulikosababishwa na karakana.

Njia ya kufikisha taarifa ina mitego yake. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia tu waliohifadhi namba ya mtumaji kwenye simu zao. Wengine hawaupati, na mara nyingi hao ni wateja wa mara moja moja. Kwao afadhali ujumbe wa kawaida wa simu. Wenye oda wapigiwe mmoja mmoja. Ni simu fupi: "Shikamoo mama. Mimi fundi wa kile kitanda. Utasikia bei zinapanda Julai, wewe haikuhusu, yako ni ile ile tuliyoandikiana." Simu ya namna hiyo humwondolea mtu wasiwasi kabla hajasikia habari kwa jirani.

Wiki zenye bei mbili

Kuanzia Julai hadi Agosti karakana itakuwa na bei mbili za kitanda kimoja, na vurugu nyingi hutokea hapo. Mwanafunzi wa ufundi aliyebaki zamu anataja 700,000 kwa mtu wa 650,000, au kinyume chake. Dawa ni daftari la oda lenye tarehe ya advansi, bei iliyokubaliwa, kiasi kilicholipwa na saini ya mteja, na kila anayepokea fedha asome daftari kabla ya kutaja bei. Mteja akiongeza kitu Julai, kwa mfano kitanda cha pili, hicho kinaandikwa mstari mpya kwa bei mpya, na cha kwanza kinabaki kilivyo.

Tatizo jingine ni wingi wa watu mwishoni mwa Juni. Karakana inayotengeneza vitanda vinane kwa mwezi ikipokea oda 30 ndani ya wiki mbili, ya mwisho haitatoka kabla ya Oktoba, na kila mbao iliyonunuliwa kwa bei ya juu itakula faida yake. Ni heri kusema mapema idadi ya oda zitakazopokelewa kwa bei ya zamani, na kuandika tarehe ya kweli ya kukamilisha kila moja.

Dalili kwamba taarifa haikueleweka huonekana haraka. Watu watatu wakipiga simu kuuliza swali lile lile, kuna sentensi inayopaswa kuandikwa upya leo, kabla ya 1 Julai.

Ikifika tarehe hiyo, isimame. Fundi akimuuzia kwa 650,000 mtu aliyekuja 3 Julai bila profoma wala advansi, amewaambia wote waliohangaika kutafuta fedha mwishoni mwa Juni kwamba walihangaika bure, na tangazo lake lijalo hakuna atakayeliamini. Vivyo hivyo Septemba ikifika na mbao zimerudi 260,000, taarifa ya kushusha bei itumwe kwa wale wale waliopata ya kupandisha. Mbao ndizo alizozitaja kuwa sababu, na zikishuka, ile 50,000 haina tena cha kuisimamia.