Kituo Kipya Mbezi, Mzigo Bado Kariakoo

Duka la vyombo vya jikoni lililoko Kariakoo linapofungua kituo cha kuchukulia mizigo Mbezi Mwisho, wateja wanaoishi Kimara, Mbezi na Kibamba wanafurahi. Hawatalazimika tena kukatisha mji mzima wa Dar es Salaam kwa ajili ya sufuria tatu. Lakini wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. Mteja aliyesoma "tumefungua Mbezi" anatoka nyumbani asubuhi, anafika kaunta, na karani anamwambia oda yake iko Kariakoo, kwa sababu aliilipia Ijumaa kabla kituo hakijaanza kupokea.

Duka hili ni la mfano, ila mkasa huo wafanyabiashara wengi wanaouza kwa simu wataufahamu. Chanzo chake ni tangazo lililoeleza mahali likaacha kueleza njia ya mzigo.

Njia yenyewe ni fupi. Tuseme oda zinazolipiwa kabla ya saa 6 mchana zinafungwa siku hiyohiyo, kila kifurushi kinaandikwa namba ya oda na jina la kituo, kisha vyote vinaingia kwenye gunia la Mbezi. Gari linaondoka Kariakoo saa 8 mchana kabla foleni ya jioni haijashika Barabara ya Morogoro. Likifika, karani wa Mbezi anahesabu vifurushi kimoja kimoja akilinganisha na orodha aliyotumiwa, na hapo tu ndipo mteja anatumiwa meseji yenye namba ya kuchukulia. Oda ya saa 6 na nusu inasubiri gari la kesho.

Mpangilio huo una matokeo makubwa kwa tangazo. Meseji ikitumwa wakati gari linaondoka Kariakoo, badala ya baada ya kuhesabu, kifurushi kilichosahauliwa rafuni kitakuwa na mteja anayekisubiri Mbezi. Dalili yake huonekana haraka: karani anaanza kupigia Kariakoo simu akiwa na mteja mbele yake.

Jambo la pili ni nani anaelekezwa wapi. Inavutia kumhamishia Mbezi kila mteja ambaye anwani yake ni ya huko. Ni kosa. Wapo wanaolala Mbezi lakini wanafanya kazi Posta, na kwao Kariakoo ni jirani mchana kutwa. Afadhali mteja aulizwe kituo kila anapoagiza, na asipojibu, abaki alikozoea. Oda zilizolipiwa kabla ya kituo kufunguliwa nazo zibaki Kariakoo, isipokuwa mwenyewe aombe zihamishwe.

Saa za kazi zinafuata wateja hao. Kituo kinachofungwa saa 11 jioni hakimsaidii mtu anayeshuka kwenye daladala saa 1 usiku, kwa hiyo duka letu linafungua saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili kituo kiko wazi saa 7 mchana hadi saa 12 jioni, lakini gari haliji. Anayelipia Jumamosi alasiri atapata mzigo Jumatatu. Hilo lisemwe waziwazi, maana mteja akiona mlango uko wazi huamini na mizigo inafika.

Namna ya kuandika saa nayo ina mtego. "Tunafungua 8:00" kuna atakayeielewa kuwa saa 2 asubuhi, na kuna atakayekuja saa 8 mchana. Neno asubuhi, mchana, jioni au usiku likiwekwa kila penye saa, utata unaisha.

Maelezo yote haya hayatoshi kwenye meseji moja ya simu, ambayo kikomo chake ni herufi 160. Ikizidi hukatwa vipande, na kila kipande hulipiwa. Kikatuni kimoja tu cha tabasamu hushusha kikomo hadi 70. Kwa hiyo meseji ibebe yale yanayomzuia mteja kupoteza nauli:

"Kuanzia Jumatatu tar 3 chukua mzigo Mbezi Mwisho, saa 3 asubuhi-2 usiku. Oda za kabla zipo Kariakoo. Subiri meseji ya namba kabla ya kuja."

Mengine yaende WhatsApp na kwenye karatasi ukutani: picha ya mlango wa kituo, alama ya jirani ambayo dereva wa bodaboda ataijua, ratiba ya Jumapili, siku ambazo mzigo utatunzwa kabla ya kurudishwa Kariakoo, na ruhusa ya kumtuma ndugu mwenye namba ya kuchukulia. Vitu vikubwa kama majiko ya gesi yenye oveni, ambavyo gari la saa 8 halibebi, vitajwe kwa majina. Na karatasi hiyohiyo ibandikwe Kariakoo pia, kwa sababu huko ndiko wateja wa zamani wataendelea kuja wiki nzima ya kwanza.