Bima ya siku chache kwa anayeazima gari

Nchini Uingereza bima ya gari kwa kawaida huwalinda madereva waliotajwa kwenye hati, si kila anayepewa funguo. Aliyezoea Dar es Salaam au Nairobi, ambako bima ya gari binafsi mara nyingi humkubali dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye gari, huweza kunaswa hapo. Gari la mama linaweza kuwa na bima kubwa ya mwaka mzima, lakini mwanawe asiyetajwa akilitoa barabarani, anaendesha bila bima. Adhabu ya kawaida ni faini ya pauni 300 na alama 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulichukua gari. Mama aliyetoa funguo naye ana kosa, kwa kuruhusu.

Bima ya muda mfupi huziba pengo hilo. Ni mkataba wa peke yake, unaokatwa kwa jina la anayeazima na kwa gari moja lililotajwa kwa namba zake. Kwa dereva mwenye leseni kamili unaweza kuwa wa saa moja tu, au ukafika siku 28. Kwa mwanafunzi kampuni nyingi hukubali hata miezi kadhaa. Bima ya mwenye gari huendelea kama ilivyo, na mara nyingi mkataba wa mwanafunzi hudai kwamba iwepo. Sababu ni kwamba tangu 2011 gari lililosajiliwa Uingereza ni lazima liwe na bima wakati wote, hata likiwa limeegeshwa, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi kwamba limeondolewa barabarani. Bima ya siku 10 haiwezi kubeba wajibu huo wa mwaka mzima.

Faida ya kutenganisha mikataba huonekana siku ya ajali. Mathalani, binti wa miaka 19 mwenye leseni ya kujifunzia anajizoeza kwa gari la mama yake, akakwaruza gari jingine akiegesha. Matengenezo ya magari yote mawili yanafika pauni 1,800, na mkataba wake unasema pauni 350 za kwanza za gari alilokuwa nalo atazibeba mwenyewe. Dai linakwenda kwenye bima ya binti. Punguzo ambalo mama amelijenga kwa miaka ya kutodai fidia kwa kawaida haliguswi. Kama binti angeongezwa kwenye bima ya mama, dai lingeangukia huko, na punguzo hilo lingekuwa hatarini.

Ulinzi huo una masharti yanayosahaulika upesi. Sheria inataka mwanafunzi akae na msimamizi mwenye umri usiopungua miaka 21, aliyekuwa na leseni kamili kwa miaka 3. Baadhi ya kampuni huongeza umri huo hadi 25. Tena, bima ya mwanafunzi kwa kawaida hukoma pale pale anapofaulu mtihani. Binti aliyekwenda kwenye mtihani na gari la mama, akafaulu saa nne asubuhi, anaweza kuwa hana bima saa nne na robo, ingawa hati yake inaonyesha siku 12 zimebaki. Mama ndiye wa kulirudisha gari nyumbani, au binti akate bima nyingine kama dereva kamili kabla ya kugusa usukani. Akikamatwa gharama ni kubwa kuliko faini: anayefikisha alama 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza hunyang'anywa leseni, na huanza upya kwa leseni ya kujifunzia na mitihani yote miwili.

Kwa bei, siku moja ya bima fupi ni ghali kuliko siku moja ya bima ya mwaka. Ikiwa siku moja ni pauni 20 na bima ya mwaka ni pauni 1,200, mikataba hiyo hulingana kwenye siku ya 60. Anayeazima gari kwa harusi au kuhama nyumba hana haja ya kufika huko. Anayelitumia kila wikendi atakuwa amevuka kabla ya mwaka kwisha. Zaidi ya hapo, bima fupi kwa kawaida haimjengei dereva punguzo la kutodai, na nyingi hazikubaliki kwa kukomboa gari lililoshikwa na polisi.

Familia nyingine hujaribu kukwepa bei hiyo kwa kumwandika mzazi kuwa dereva mkuu, huku gari likiwa la kijana kila siku. Huo ni udanganyifu, na kampuni ikiugundua baada ya ajali inaweza kufuta mkataba na kukataa kulitengeneza gari. Kwa kijana wa namna hiyo kuna njia moja: bima ya mwaka yenye jina lake mwenyewe kama dereva mkuu.